Siku moja maishani mwangu: kusafisha data ya mauzo ya duka la vifaa vya ujenzi

Saa 2:00 asubuhi

Nachambua data za duka la jumla la vifaa vya ujenzi hapa Dar es Salaam. Mwanzo wa mwezi meneja huuliza bidhaa gani zimetoka sana na mteja wa kawaida ananunua kiasi gani. Napakua mistari yote ya oda za mwezi uliopita, naweka nakala yake kando, na hiyo siigusi tena. Sifuti mstari wowote. Ninaoutoa kwenye hesabu nauwekea alama kwenye safu ya `sababu`, ili mtu akiuliza baadaye aone umekwenda wapi.

Saa 3:00

Naanza na oda za majaribio, kwa sababu zikibaki zinapotosha vipimo vyote vinavyofuata. Vijana wa mfumo wakibadilisha kitu huingiza oda ya kujaribia: bei shilingi 1, au idadi 9999. Kutafuta neno peke yake hakutoshi. Ukitafuta `test` kwenye jina la bidhaa, unazoa na testa za umeme, na hizo tunaziuza kweli. Kigezo changu ni dalili zinazokutana: oda imefunguliwa kwa akaunti ya ndani, haina malipo, na haina hati ya kutoka stoo. Mfanyakazi naye anajenga. Akinunua bati zake akalipa, hayo ni mauzo.

Saa 4:30

Sasa mistari yenye idadi sifuri.

```sql
SELECT oda_id, bidhaa, idadi, kiasi
FROM mistari_ya_oda
WHERE idadi = 0
ORDER BY kiasi DESC;
```

Naipanga kwa kiasi cha fedha kwa makusudi. Juu kabisa inatokea mistari yenye idadi 0 lakini ina hela: nauli ya lori. Karani huiandika kama bidhaa isiyo na idadi. Ukiitupa, jumla yako haitalingana na benki, kwa hiyo naihamishia kwenye mapato ya usafirishaji.

Chini yake kuna sifuri kwa sifuri. Mingi ni bidhaa iliyoagizwa, stoo ikakuta imeisha, wakageuza idadi kuwa 0 badala ya kuondoa mstari. Ikibaki, inashusha wastani wa kila mstari na kuongeza hesabu ya mistari iliyouzwa. Naitoa kwenye mauzo, lakini naitunza kwenye jedwali lake, maana inaonyesha wateja walitaka nini tukakosa. Mtu wa manunuzi anaihitaji kuliko mimi.

Saa 6:00 mchana

Namba zilizopita kiasi napima kila bidhaa peke yake. Huwezi kulinganisha saruji na bawaba. Kwa misumari, robo ya chini ya mistari inaishia katoni 2, na robo ya juu inaanzia 8. Tofauti ni 6. Nazidisha kwa 1.5 napata 9, najumlisha na 8: kinachozidi 17 nakichungulia.

Kwanza naangalia kama kuna mstari wa kughairi unaolingana nao. Kwenye data ya `Online Retail`, ya duka moja la Uingereza, ambayo wengi wetu tumejifunzia, kuna oda ya vipande 80,995 ya tarehe 9 Desemba 2011, saa 3:15 asubuhi. Saa 3:27 imeghairiwa, ikaingia kama hasi 80,995. Anayekimbilia kufuta hasi zote anaacha lile lizigo likihesabika kama mauzo. Jozi hutoka pamoja.

Saa 8:00 mchana

Yamebaki mawili makubwa: misumari katoni 500, na saruji mifuko 600. Nashuka stoo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Ile misumari? Mia tano ni kilo, kijana. Zimetoka katoni ishirini."

Hati inasema hivyohivyo: katoni 20 za kilo 25. Kwa bei ya 75,000, mfumo ulikuwa unaonyesha 37,500,000 badala ya 1,500,000. Narekebisha kuwa 20. Na 20 nayo imevuka 17, lakini ni ya kweli, basi inabaki. Saruji ni sahihi: mifuko 600 ya kilo 50 ni tani 30, mzigo wa lori moja kwenda kwa mkandarasi. Naiacha kwenye jumla, ila kwa swali la mteja wa kawaida natumia namba ya katikati badala ya wastani, ili lori moja lisiwasemee wenye vibanda.

Saa 10:00 jioni

Nakaa na dada wa uhasibu, tunalinganisha na vitabu vyake. Umebaki mstari mmoja wa nondo ambao hati yake haijaonekana. Siutoi wala siurekebishi kwa kukisia. Nauandika juu ya ripoti pamoja na kiasi chake, nampa meneja jumla mbili: ukiwemo, na usipokuwemo.