Gari kugonga shimo: nilivyopima kilichopinda kabla ya kupeleka alaimenti

Gari ni Toyota IST, matairi 185/65R15, na shimo lilipigwa na tairi la mbele kushoto kwenye ukingo wa lami uliokatika. Rimu haikupinda, tairi halikutoa uvimbe ubavuni, upepo haukupungua. Dalili zilikuwa mbili tu: gari lilivuta kulia, na ili liende moja kwa moja usukani ulibidi ukae umelala kidogo kushoto.

Hiyo ya kuvuta kulia ndiyo iliyonifanya nisisubiri. Sisi tunaendesha upande wa kushoto, na barabara nyingi zimeinamishwa kushoto ili maji yatiririke pembeni, kwa hiyo gari likisogea kushoto polepole ukiachia usukani, mara nyingi ni barabara tu. Likivuta kulia, yaani kupanda mwinamo, kuna kitu. Usukani kutetemeka kwenye mwendo ni jambo jingine, hapo tafuta rimu iliyopinda au balansi, alaimenti, yaani kupanga mielekeo ya matairi, haitakusaidia.

Kwenye skrini ya mashine ya alaimenti utaona maneno matatu, Camber, Caster na Toe. Tou ni mwelekeo wa matairi ukiyatazama kutoka juu, kama nyayo za mtu anayetembea: vidole vikielekeana ni tou ya ndani, vikiachana ni tou ya nje. Kemba ni kuinama kwa tairi ukiwa umesimama mbele ya gari; kichwa cha tairi kikiingia ndani, kemba ni hasi. Kasta huioni kwenye tairi. Ni jinsi mhimili ambao gurudumu hugeukia, kutoka bolijointi ya chini, kiungo cha duara kinachoshika gurudumu chini, hadi kichwa cha shokapu, ulivyolala kuelekea nyuma ukitazama gari kwa ubavu. Ndiyo inayorudisha usukani katikati baada ya kona. Kasta peke yake haili tairi, ila pande mbili zikitofautiana gari huvuta upande wenye kasta ndogo.

Sasa, kwenye gari dogo la aina hii mbele kinachorekebishwa kwa kawaida ni tou peke yake, kwa kuzungusha tairodi, zile fimbo zinazotoka kwenye usukani kwenda kugeuza magurudumu. Kemba na kasta zimewekwa na umbo la vipuri vyenyewe. Kwa hiyo shimo likibadilisha kemba, jibu ni kwamba kuna chuma kimepinda au kimehama, na fundi wa mashine akikurekebishia tou pekee usukani utanyooka, utalipa, utaondoka, na tairi litaendelea kuliwa upande wa ndani. Ndiyo maana nilipima kwanza.

Nilianza na upepo, matairi yote sawa kama kibandiko cha mlangoni kinavyosema. Kisha nikabadilishana matairi ya mbele, la kulia kushoto, kwa sababu tairi lenyewe likiwa na kasoro linaweza kuvuta gari. Mvuto ungehamia upande wa pili, kosa lingekuwa la tairi. Haukuhama. (Matairi yenye mshale wa mwelekeo usiyabadilishe hivi.) Halafu jeki: shika tairi juu na chini ulitikise, likicheza shuku bolijointi au beringi, shika kushoto na kulia, likicheza shuku tairodi. Vyote vilikuwa vimekaza. Ukikuta kitu kinacheza hapa, badilisha kwanza, maana hakuna kipimo kitakachotulia.

Kemba niliipima kwa uzi wenye nati nzito mwishoni. Gari liko sakafu tambarare, usukani umenyooka. Uzi unaning'inia kutoka juu ya tairi, mbali kidogo ili usiguse tumbo la tairi chini, na rula inapima kutoka uzi hadi ukingo wa rimu juu, halafu ukingo wa rimu chini. Rimu ya inchi 15 ina takriban 400 mm kati ya kingo hizo, hivyo kila tofauti ya 7 mm ni kama digrii 1. Kulia nilipata tofauti ya 4 mm, kushoto 12 mm, zote zikiinama ndani. Niligeuza gari likatazama upande wa pili, nikapima tena, ili mteremko wa sakafu usinidanganye. Tofauti ya pande mbili ikabaki 8 mm, yaani zaidi kidogo ya digrii 1. Toyota kwa magari yake mengi hairuhusu kulia na kushoto kupishana zaidi ya dakika 45, ambazo ni robo tatu ya digrii.

Tou hupimwa na watu wawili na futi. Weka alama ya chaki katikati ya kila tairi la mbele, upande wa nyuma, juu kadiri futi itakavyopita bila kugusa bodi. Pima kutoka alama hadi alama. Sukuma gari mbele mpaka alama zilezile zije mbele kwa kimo kilekile, pima tena. Mbele palikuwa pafupi kwa 5 mm: tou ya ndani. Magari madogo mengi hutakiwa yakae karibu na sifuri, yakizidi au kupungua kwa 2 mm hivi. Kwa tairi la kipenyo cha 620 mm, hizo 5 mm maana yake katika kila kilomita 1 matairi mawili kwa jumla yanaburutwa kiubavu kama mita 8. Pitisha kiganja juu ya tairi, kutoka nje kwenda ndani kisha urudi. Ukikuta laini njia moja na makali njia nyingine, ni tou. Kemba haiachi makali hayo, hula ukingo mmoja taratibu na kuuacha laini.

Nini kilipinda? Ingiza vidole kati ya tairi na shokapu, pande zote mbili. Kulia vilipita vitatu, kushoto viwili kwa kubana. Mkono wa chini, unaoshika gurudumu kutoka kwenye bodi, ungepinda, mara nyingi gurudumu lingerudi nyuma, kasta ingepungua, na nafasi kati ya tairi na ukingo wa bodi ingekuwa tofauti na upande wa kulia ambao haukugongwa. Hapa nafasi hiyo ilikuwa sawa. Tairi lilikuwa limeisogelea shokapu, maana yake imepinda shokapu au nakoli, chuma kinachobeba beringi ya gurudumu. Fundi alilegeza nati ya juu ya shokapu, bila kuifungua kabisa kwa sababu springi imebanwa hapo na inaweza kuua mtu, akazungusha fimbo ya shokapu mzunguko mzima. Kichwa cha tairi kikaingia na kutoka. Fimbo imepinda. Kisingecheza, tungeshuku mwili wa shokapu au nakoli.

Zilibadilishwa shokapu zote mbili za mbele, maana ya kulia ilikuwa nzee. Kemba ikapimwa kwa uzi tena kabla ya mashine, zikapishana 2 mm. Hapo ndipo alaimenti ikafuata. Mwambie fundi alegeze klipu ya mpira unaofunika ncha ya reki ya usukani kabla ya kuzungusha tairodi, la sivyo mpira hujisokota na kupasuka, na azungushe tairodi zote mbili kwa kiasi kinacholingana, asimalizie upande mmoja, usukani ukabaki umelala.

Shimo lisiloacha dalili yoyote silipelekei mashine siku hiyo. Napima tou kwa chaki na kupitisha kiganja baada ya kilomita mia kadhaa. Lakini chuma kikigonga chuma, usukani ukibadilika mkao, au gari likivuta, ni siku hiyohiyo, na tairi lenye uvimbe ubavuni halifiki hata kwa fundi: linafungwa la akiba hapohapo.