Si kila mstari uishie kwenye mhimili

Leo nimeishia kufikiria rula. Si mashine wala sampuli, ila ule mstari mnyoofu tunaouchora mwishoni ili kupata pengo la nishati la poda, na mahali tunapouacha ukome.

Kwa dioksidi ya titani nyeupe, umbo la anatasi, hakuna ubishi. Spektrofotomita yenye tufe la kukusanyia mwanga inatupa uakisi R kwa kila urefu wa wimbi, ukilinganishwa na bariamu salfeti nyeupe. R inageuzwa kwa fomula ya Kubelka na Munk, F = (1−R)²/2R, ambayo kwenye poda hushika nafasi ya ufyonzaji. Nishati ni 1239.84 ikigawanywa kwa nanomita. Anatasi ina pengo lisilo la moja kwa moja, hivyo tunachukua kipeuo cha pili cha F mara nishati na kukichora dhidi ya nishati. Kwenye jedwali la kompyuta, nanomita zikiwa safu ya A na R safu ya B:

```
=((1-B2)^2/(2*B2)*1239.84/A2)^0.5
```

R iwe sehemu ya 1, si asilimia. Ukisahau kugawanya kwa 100 fomula hailalamiki, inatoa tu mchoro wa ajabu: F inakuwa kubwa pale poda inapoakisi zaidi.

Tuseme R ni 0.313 kwenye 3.40 eV na 0.196 kwenye 3.50 eV. Thamani za mchoro ni 1.6 na 2.4, kwa hiyo mstari unapanda 8 kwa kila elektronivolti 1. Ukiurudisha chini unagusa sifuri kwenye 3.20 eV, palepale anatasi inapotarajiwa.

Sasa poda ileile itiwe kitu chenye rangi, iwe manjano hafifu. R haifiki tena karibu na 1 kwenye mwanga unaoonekana: ni 0.60 kwenye 450 nm na 0.59 kwenye 420 nm. Kwa macho hilo ni jambo dogo, lakini kipeuo cha pili hukuza vitu vidogo. Mchoro unasimama kwenye 0.61, kisha 0.65, kabla ukingo wa ufyonzaji haujaanza kupanda. Kwenye 3.40 na 3.50 eV, R ikiwa 0.229 na 0.158, tunapata 2.1 na 2.8. Mteremko ni 7. Ukiufuata mstari huo hadi sifuri unasoma 3.10 eV, na hapo ndipo mtu huandika kwa furaha kwamba pengo limepungua.

Halijapungua. Sifuri ilikuwa na maana kwa poda nyeupe kwa sababu chini ya ukingo haikuwa ikifyonza chochote. Hii ya manjano ina ufyonzaji wa ziada chini ya ukingo wote, kama sakafu iliyoinuliwa. Chora mstari wa pili kupitia sakafu hiyo (0.61 kwenye 2.76 eV, 0.65 kwenye 2.95 eV) na uuendeleze mbele. Unakutana na mstari wa ukingo kwenye kimo cha 0.7, na chini ya makutano hayo nishati ni 3.20 eV. Titani imebaki ilivyo. Kilichoongezeka ni rangi. Sakafu yenyewe iripotiwe, maana mara nyingi ndiyo habari halisi ya sampuli.

Dalili ni rahisi kuiona: ukiona mchoro umening'inia juu ya sifuri kabla ya kupanda, usiushushe mstari hadi mhimili.

Njia hii nayo ina mpaka. Sakafu ikiwa na kilima chake karibu na ukingo hainyooki tena, na makutano yanahama kila unapobadilisha nukta. Hapo ni bora kupima pengo kwenye poda tupu, kabla ya kutiwa rangi.

Kuna upande wa juu pia. R ikishuka hadi 0.05 au chini, F inazidi 9 na kosa dogo la kifaa linakuwa kubwa. Ukingo unapinda na kulala, na mteremko unaochukuliwa hapo ni mdogo kuliko ulio wa kweli. Saga sampuli pamoja na bariamu salfeti, sehemu 1 kwa 10 hivi, upime upya. Ngazi ndogo karibu na 350 nm nayo isikuhangaishe: mashine nyingi hubadilisha taa maeneo hayo, na hiyo ni 3.54 eV, jirani kabisa na nukta tunazozitegemea. Sogeza badiliko hilo mbali kama programu inaruhusu.

Kuhusu kipeo, yaani ile 0.5 mwishoni mwa fomula, binafsi sikubali kichaguliwe kwa kutazama mstari upi umenyooka zaidi. Karibu kila ukingo utapata kipande kilichonyooka ukikitafuta kwa bidii. Data hizihizi zikipandishwa kwa kipeo cha 2 zitatoa mstari mzuri tu, na pengo kubwa zaidi.