Nilivyojifunza kuhakiki kitovu na nusukipenyo cha duara

Kwa muda mrefu nilihakiki majibu yangu ya duara kwa kufungua mabano tu. Nikirudi kwenye mlinganyo nilioanzia, naweka vema na kwenda mbele. Swali moja ndilo lililonifungua macho:

2x² + 2y² − 12x + 20y + 18 = 0

Niligawa kwa 2, nikaandika x² + y² − 6x + 10y + 18 = 0. Nikakamilisha mraba kwa x na kwa y: nusu ya −6 ni −3, mraba wake 9, nusu ya 10 ni 5, mraba wake 25. Nikapata (x − 3)² + (y + 5)² = 9 + 25 − 18 = 16. Kitovu (3, −5), nusukipenyo 4. Nikafungua mabano, kila kitu kikakubali. Jibu lilikuwa kosa.

Ile 18 sikuigawa. Kufungua mabano kulinirudisha kwenye mstari wangu wa pili, mstari ambao tayari ulikuwa na kosa, ndiyo maana hakukuonyesha kitu.

Siku hizi nachukua nukta na kuiingiza kwenye swali lenyewe, kama lilivyoandikwa. Nasimama kwenye kitovu, natembea kulia kwa urefu wa nusukipenyo. Kwa jibu lile nafika (7, −5):

2(49) + 2(25) − 12(7) + 20(−5) + 18 = −18

Ilipaswa kuwa 0. Nikajaribu kushoto, (−1, −5): −18 tena. Juu, (3, −1): −18 vilevile. Hapo ndipo nilipopata faida kubwa ambayo sikuitarajia. Namba ikiwa ileile pande zote, kitovu ni sahihi na kasoro iko kwenye nusukipenyo peke yake. Namba zikitofautiana, kitovu ndicho kimekosewa. Mtu akisoma alama kinyume na kuandika (−3, 5) na nusukipenyo 5, kulia, yaani (2, 5), anapata 152, na kushoto, (−8, 5), anapata 392.

Hata kiasi cha kosa kinajulikana. Kwenye swali mbele ya x² na y² kuna 2, kwa hiyo −18 ÷ 2 = −9: mraba wa nusukipenyo changu ulipungua 9. Basi 16 + 9 = 25, nusukipenyo 5. Nikaijaribu (8, −5):

128 + 50 − 96 − 100 + 18 = 0

Nukta moja pekee siitegemei, kwa sababu duara lisilo sahihi linaweza kupita kwenye nukta hiyo kwa bahati. Napima kulia, kushoto na juu. Zote tatu zikitoa 0, duara ni lilelile, maana nukta tatu zisizo kwenye mstari mmoja nyoofu hupitiwa na duara moja tu.