Siku 7 ndani ya chupa kabla ya kuhifadhi maembe makavu

Mwaka jana hapa Moshi nilipoteza maembe niliyoyaanika kwa siku tatu, kwa sababu niliyafungia moja kwa moja katika mifuko, nayo yakaota ukungu kabla mwezi haujaisha. Vipande vinene vilikuwa vimekauka nje tu, na unyevu wao ukaviharibu vyote.

Msimu huu niliosha mikono, kisu na maembe kwa maji safi, nikakata vipande vya milimita 5 hivi, nikavipanga bila kugusana juu ya trei za wavu zilizoinuliwa mbali na vumbi, kisha nikavifunika kwa chandarua safi ili nzi wasivifikie. Kila jioni niliviingiza ndani, kwa kuwa umande hurudisha unyevu. Vilipokunjika bila kuvunjika, wala kutoa maji nilipovibana, niliviacha vipoe, nikavitia katika chupa za kioo hadi theluthi mbili, nikazifunga na kuzitikisa kila siku kwa siku 7. Chupa moja ilitoa jasho ndani siku ya pili. Vipande vyake havikuwa na ukungu, hivyo nilivirudisha juani mara moja. Kama ningeuona ukungu, ningevitupa vyote. Chupa zilizobaki kavu sasa ziko kabatini, penye giza na ubaridi.