Nilivyoupunguza mkia wa maelezo ya chaneli yangu

Nina chaneli ya mapishi YouTube. Chini ya kila video nilibandika mkia uleule: mitandao yangu, vyombo ninavyotumia, orodha za video, anwani ya biashara. Siku niliyopandisha somo refu la pilau, lenye vipimo vyote na sura 22, maelezo yakakataa kuhifadhiwa. Kikomo ni herufi 5,000. Maelezo ya pilau yalikuwa 2,900, na mkia 2,600.

Hapo nikapata kipimo: chukua maelezo yako marefu kuliko yote, yatoe kwenye 5,000, kinachobaki ndicho cha mkia. Kwangu zilibaki 2,100. Nikajiwekea 900, maana somo la biryani lingekuwa refu zaidi.

Kisha nikauliza kila mstari: je, unamfaa mtazamaji wa video yoyote? Anayejifunza chapati hana haja na sufuria ya pilau, kwa hiyo vyombo vikahamia kwenye maelezo ya video zinazohusika. Ofa iliyokwisha niliifuta kabisa. Ilikuwa inawapotezea watu muda.

Mkia mpya niliuweka hapa, ndani ya YouTube Studio:

```
Settings > Upload defaults > Basic info > Description
```

Huingia kwenye video mpya tu. Za zamani nilizirekebisha mojamoja, nikianza na zinazotazamwa sana. Maelezo ya video yenyewe nayaandika juu ya mkia, kwani mistari ya mwanzo pekee ndiyo huonekana kabla mtu hajafungua yaliyobaki. Mkia ukigusa 900, mstari mpya hauingii mpaka mmoja utoke.