Foili chini ya bati: nilivyopunguza joto la nyumba yangu Pasua

Nyumba yangu iko Pasua, upande wa chini wa mji wa Moshi. Imeezekwa bati la msauzi la geji 30, rangi ya maruni, na dari yake ni jipsamu. Kuanzia Desemba mpaka masika yaanze, chumba cha watoto kilikuwa hakikaliki tangu saa nane mchana hadi taarifa ya habari ya saa mbili usiku iishe. Feni ilizungusha hewa ya moto tu. Ushauri niliopewa ulikuwa wa kila aina: panda mti, panua madirisha, nunua AC. Fundi mmoja ndiye aliyetaja foili, ila naye alitaka tung'oe bati zote kwanza. Kwa bei ya misumari na bati litakalopinda wakati wa kung'oa, hilo sikuliafiki.

Nilianza kwa kupima. Rafiki yangu anayetengeneza majokofu aliniazima ile bunduki ya kupimia joto kwa mionzi. Saa saba mchana, jua likiwa utosini, nilipanda darini. Tumbo la bati lilisoma digrii 61. Mgongo wa jipsamu ulikuwa 46, na nilipoteremka chumbani upande wa chini wa jipsamu ile ile ulikuwa 39. Ukuta wa chumba ulisoma 29. Hapo nikaelewa kwa nini madirisha hayakusaidia: wanangu walikuwa wanalala chini ya dari yenye joto kupita mwili wa binadamu.

Swali likawa joto linafikaje kwenye jipsamu, maana kati yake na bati kuna hewa tupu, zaidi ya mita moja chini ya kofia. Hewa ya moto haishuki, inabaki juu imelala kwenye bati. Mbao zinapitisha joto kidogo sana. Njia kubwa inayobaki ni mionzi: bati la moto linamwaga joto chini kama jiko la mkaa linavyokuchoma uso ukiwa umekaa kando yake, bila hewa kuhusika. Ukipiga hesabu ya bati lenye digrii 60 likitazamana na dari yenye digrii 35, zinashuka takriban wati 150 kwa kila mita ya mraba. Kadiri dari inavyopata moto ndivyo zinavyopungua, lakini kwa chumba cha mita 12 za mraba bado unazungumzia zaidi ya wati elfu moja mchana kutwa.

Sasa foili. Alumini safi inayong'aa inarudisha karibu asilimia 95 ya mionzi ya joto inayoifikia. Hilo wengi wanalijua. Wasilolijua ni upande wake wa pili, nao kwangu ndio wenye faida zaidi: uso ule ule unaokataa kupokea mionzi unakataa pia kuitoa. Foili inaweza kufika digrii 50 na bado ikatoa chini sehemu ndogo tu ya mionzi ambayo mbao au bati la rangi lingetoa kwa joto hilo hilo. Ile hesabu ya wati 150, ukiweka uso wa alumini unaotazama chini, inashuka hadi wati 10 hivi.

Unaweza kujaribu mwenyewe dukani. Sogeza foili karibu na shavu, umbali wa vidole viwili, bila kuigusa. Ikiwa ni alumini ya kweli utahisi joto la shavu lako linarudi haraka. Karatasi ya plastiki iliyopakwa rangi ya fedha haikupi hisia hiyo hata iwe inametameta vipi. Nilipokuwa Mbuyuni nilifanya hivyo mbele ya muuzaji, akacheka, halafu akajaribu na yeye. Alikuwa ananisukumia ile yenye viputo vya hewa, ya milimita 4, kwa maelezo kwamba viputo ndivyo vinavyozuia joto. Viputo vinasaidia kidogo mno. Kazi inafanywa na uso, kwa hiyo nilichukua ile nyembamba iliyosukwa kwa nyuzi ndani, alumini pande zote mbili, upana mita 1.2, nikaokoa pesa.

Lakini yote hayo yana sharti moja: uso unaong'aa lazima utazamane na hewa. Foili ikigusana na bati, joto linapita kwa kugusana, na alumini ni mpitishaji mzuri wa joto. Hapo ndipo nilipobishana na fundi.

"Mangi, sisi huwa tunaitandaza juu ya papi, bati linakaa juu yake, tunapiga msumari. Upande wa kung'aa juu, urudishe jua."

Nilimwambia jua halifiki pale, limeshaishia kwenye bati. Kilichobaki ni joto la bati. Ukilaza foili ikabanwa na bati, uso wa juu umekufa. Kama foili yako inang'aa pande mbili, uso wa chini utaendelea kukusaidia kwa sababu unatazama hewa ya darini. Lakini kama ni ile ya upande mmoja, fedha juu na plastiki nyeupe chini, na umeigandisha kwenye bati, umenunua turubai. Nyumba nyingi za mtaani kwetu zimefanyiwa hivyo, na wenye nyumba wanasema foili ni utapeli.

Tukakubaliana tuifunge kutoka ndani, bila kugusa bati. Mbao za kenchi zinazofuata mteremko ni za 2x4, hivyo ukipigilia foili kwenye ukingo wake wa chini inabaki nafasi ya nchi 4 hivi kati yake na papi, na zaidi kidogo hadi kwenye bati. Inatosha kabisa, hata sentimita 2 na nusu zingefanya kazi. Tulianzia chini kwenye ukuta kwenda juu, kila mkanda ukipanda juu ya wa chini yake kwa sentimita 10 upande wa darini, na stepla kila baada ya shubiri. Kule kwenye kofia tuliacha wazi kama upana wa kiganja, na chini kwenye fishabodi vilevile, ili hewa iingie chini, ipite nyuma ya foili na kutokea juu. Ukiziba ncha zote, hewa ya moto inakwama.

Kabla ya hapo nilizima meni swichi, na nilimkataza kila mtu kuiwasha mpaka wote wateremke. Foili ni chuma. Stepla moja ikichoma waya, paa zima la ndani linakuwa na umeme. Australia walikuwa na mpango wa serikali wa kuwekea nyumba vizuia joto, na mwezi Februari 2010 wakasimamisha uwekaji wa foili darini baada ya mafundi kufa kwa shoti. Darini kwangu nilikuta maungio mawili ya waya yamefungwa tepu tu, nikayaweka kwenye boksi kwanza.

Tulipomaliza nilirudi na ile bunduki, ikaniambia foili ina digrii 36. Usiamini. Kipimo hicho kinasoma mionzi, na foili haitoi mionzi yake, inakuonyesha ya jipsamu iliyo mbele yake. Bandika kipande cha masking tepu juu ya foili, subiri kidogo, kisha pima tepu. Yangu ilisoma 51. Hiyo ndiyo hali halisi, na wala si kasoro: foili ni ya moto ila haiutoi moto wake.

Jipsamu ya chumbani, saa ile ile, jua la namna ile ile, ilisoma 32. Hewa ya chumba jioni ilishuka kwa digrii 3 hivi. Si AC, na anayekuahidi digrii 10 anakudanganya, lakini kichwa kisipopigwa na mionzi kutoka juu mwili unahisi nafuu kubwa kuliko hizo 3. Watoto sasa wanalala saa mbili.

Dada yangu wa Sakina, Arusha, aliposikia akataka na yeye, ila shida yake ilikuwa baridi ya Julai. Nilimzuia. Joto linaloshuka linategemea mionzi, ndiyo maana foili inalimudu. Joto linalopanda kutoka chumbani linabebwa na hewa, na hewa inaigusa foili, inaiachia joto, basi. Kwa baridi angefaidi zaidi sufi nene ya kioo au ya mwamba juu ya dari.

Kwake niliona pia kitu kingine. Nyumba tayari ilikuwa na foili iliyobanwa chini ya bati, na dari ilikuwa na madoa ya maji katikati ya kiangazi. Fundi alishapaka silikoni kila msumari. Nilimwuliza dada madoa yanaongezeka lini, akasema asubuhi baada ya usiku wenye nyota nyingi. Hiyo si mvua. Usiku mkavu usio na mawingu bati linapoa kuliko hewa, na mvuke wa jikoni na bafuni unaopanda darini unageuka matone kwenye chuma. Tulipanda saa kumi na mbili alfajiri na tochi: foili ilikuwa na matone, yamejikusanya pale ilipolegea katikati ya papi, na yanadondoka kwenye matundu ya misumari. Tulipoifunua sehemu moja, alumini ilikuwa na unga mweupe na vitundu vidogo vidogo ukiishika kuelekea mwanga, hasa ilipolala kwenye mbao za dawa. Dawa ile ina shaba, na shaba ikilowa inaila alumini. Bomba la kutolea mvuke wa jiko, ambalo lilikuwa linaishia darini, tulilipeleka nje, na madoa hayakuongezeka tena. Foili yenyewe ilishachoka.

Adui anayebaki ni vumbi, na Pasua mwezi wa pili tunalo la kutosha. Uso wa juu wa foili yangu umeshafifia, ukiupitishia kidole unaacha mstari, na sihangaiki kuufuta. Vumbi halikai kwenye uso wa chini, nao ndio ninaoutegemea. Ndiyo sababu nyingine ya kutokubali kutandaziwa foili juu ya jipsamu kama blanketi: uso wake wa kazi ungekuwa ule wa juu, na misimu michache ya vumbi ingeugeuza kuwa kama mbao. Jirani yangu amefanya hivyo. Mwaka wa kwanza alinisifia, sasa ananiuliza kama ile bunduki ninaweza kuiazima tena.