Jenereta ndani ya Kodi

Leo hapa Kampala nimefupisha mkataba wa kupanga duka, kurasa 46, kwa ajili ya kina mama wa kikundi chetu.

Nilishaandika: "kodi hulipwa kila mwezi." Nikarudi kukusanya kila neno lenye herufi kubwa katikati ya sentensi, maana kwenye mkataba neno kama hilo huwa limepewa maana yake maalum, na mahali lilipoelezwa.

"Kodi" haikuwa kifungu cha 1 pamoja na maneno mengine yaliyoelezwa. Ilijificha kwenye mabano, kifungu cha 17: pango, ulinzi na jenereta, "kwa pamoja, Kodi".

Jenereta jamani!

Yaani ukichelewesha hela ya jenereta umechelewesha Kodi, na kifungu cha 22 kinakutoa dukani.

Kwenye muhtasari nimeibakiza K kubwa, maana yake chini yake.

Nyinyi mmenaswa na neno gani?